Kuivunja herufi bila kuipoteza: njia ya Khartoum kwenye meza za Unguja

Kwenye maduka ya picha ya Mji Mkongwe kuna picha moja inayorudiwa mno. Mlango wa nakshi, mwanamke wa buibui akipita, na pembeni mstari wa maandishi ya Kiarabu ambao mara nyingi hausomeki, kwa kuwa mchoraji amenakili asichokijua. Mgeni hanunui maandishi, ananunua harufu ya mahali. Aliyekwenda chuo cha Kurani akiwa mtoto anautazama mstari ule, anaona nukta ya nuni imewekwa chini ikawa kama be, anaondoka.

Wachoraji wa Khartoum, Sudan, walipita hapohapo tangu miaka ya mwisho ya 1950, wakavuka. Namna walivyovuka inafaa kujulikana hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu tunaofundisha kuchora huku visiwani tunaiga hatua ya kwanza na kuamini tumeimaliza safari.

Mwenye kisa ni Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, kwa hiyo mtoto alianza na ubao, wino na kalamu kabla ya karatasi ya skuli. Baadaye alisoma sanaa Khartoum, kisha Chuo cha Slade, London, kuanzia 1954 hadi 1957. Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956 yeye akiwa huko. Alirudi kufundisha, akaja na picha za mafuta za kizungu zilizochorwa vizuri kabisa, akazitundika kwenye Grand Hotel ya Khartoum. Siku ya ufunguzi watu walijaa. Siku zilizofuata hakukanyaga mtu. Akarudia onyesho, mambo yakawa yaleyale.

Hakusema watu hawajui sanaa. Alitoka akaenda kutazama walichonacho ndani ya nyumba zao: mikeka, vikapu, michoro ya ukutani, vitu vya mbao, na maandishi ya ukutani yaliyowekewa fremu. Kisha akaanza jambo dogo. Kwenye pembe ya picha aliweka herufi chache, ndogo kama stempu ya barua. Watu wakasogea. Akazitawanya herufi katika picha nzima, wakasogea zaidi. Hatua ya tatu ndiyo iliyozaa kitu: aliivunja herufi yenyewe, akatafuta mfupa unaoipa sura, na katika vipande vile zikaanza kutokea nyuso, pembe za wanyama, mabawa na mimea. Hakuna tena mtu aliyeweza kuisoma, na hakuna aliyedhani kwamba haikutoka kwenye kalamu.

Hakuwa peke yake. Osman Waqialla alikuwa mwandishi wa hati hasa, aliyejifunza fani hiyo Cairo, na studio yake mjini Khartoum ilikuwa kituo cha kukutania. Ahmed Shibrain alizikunja na kuzifungamanisha herufi mpaka zikawa jengo jeusi kwenye uwanja mweupe. Jina la "Skuli ya Khartoum" walipewa na Denis Williams, mchoraji kutoka Guyana aliyefundisha nao. Kwa hiyo mtindo uliokuja kuitwa wa taifa ulipewa jina na mgeni, jambo ambalo mpaka leo linanichekesha kidogo.

Sasa tatizo letu. Omdurman, Kiarabu ni lugha ya soko. Kiko kwenye gazeti, kwenye kibao cha duka la chai, kwenye ugomvi wa nauli. Herufi iliyovunjwa huko inaweza kuwa imetoka kwenye neno lolote, hata "sukari". Unguja na Pemba herufi hiyohiyo ina njia moja tu ya kuingilia kichwani: msahafu. Ukimwonyesha mtu wa Wete aini iliyopinduliwa, swali lake la kwanza ni aya gani, na la pili ni kwa nini umeichezea. Yuko sahihi kuuliza. Mchoraji anayechukua njia ya Khartoum kama ilivyo anaanza na mtazamaji aliyekwisha kukunja uso.

Dawa yake tunayo, tumeiweka sandukuni tu. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Barua, mashairi, hesabu za deni, na hata majina ya kanga za zamani yaliandikwa hivyo. Waandishi walikuwa na mbinu za sauti ambazo Kiarabu hakina: be yenye nukta tatu chini ikasomwa "pe", jimu yenye nukta tatu ikasomwa "che", fe yenye nukta tatu juu ikasomwa "ve". Wengine hawakujali nukta hizo, waliandika be na kumwachia msomaji atambue mwenyewe. Ukiandika neno la Kiswahili kwa hati hii ukamwonyesha mtu aliyekwenda chuo, midomo yake inaanza kulitamka kwa uzito wa kisomo, halafu ghafla anacheka. Kicheko kile ndicho mlango wetu. Herufi imetoka msahafuni, imeingia jikoni, na sasa unaweza kuifanyia kazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza mezani kwetu: hakuna aya, hakuna majina ya Mwenyezi Mungu, hakuna jina la Mtume. Adabu peke yake inatosha kuwa sababu, lakini ipo na ya kazi. Kuvunja neno moja kunakula karatasi 30 au 40, na karibu zote zitatupwa. Karatasi yenye aya haitupwi jaani, inataka kuchomwa, kuzikwa au kuoshwa wino wake. Mwanafunzi anayejua kwamba kila anapokosea ana jukumu hilo, mkono wake unaganda. Neno la Kiswahili linampa ruhusa ya kukosea.

Tuchukue neno "moyo". Kwa hati ya Kiarabu ni mimu, wau, ye, wau. Wau haishiki herufi inayoifuata, kwa hiyo neno linagawanyika vipande viwili: mimu na wau pamoja, kisha ye na wau pamoja. Una vichwa viwili vya wau, mikia miwili inayoshuka, tundu la mimu, na nukta mbili za ye chini. Ni neno fupi lenye kujirudia, na kujirudia huko ndiko kunakorahisisha kuliona kama umbo badala ya kulisoma kama sauti.

Kabla ya kuvunja, andika sawasawa. Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo wanapopotea. Waqialla na El-Salahi walivunja kitu walichokuwa nacho mkononi. Asiyejua kuandika wau hawezi kuivunja, anaweza kuikosea tu, na jicho la mtu wa chuo linatofautisha mambo hayo mawili kwa umbali wa barabara.

Kalamu ni ya utete uliokauka, mnene kama kidole cha shahada, urefu wa shubiri moja. Utete mbichi ukichongwa unajikunja na ncha inalegea ikilowa wino, kwa hiyo ukaushe kivulini wiki kadhaa mpaka ugonge sauti kavu. Chonga mshazari mrefu upande mmoja, pasua ufa mdogo katikati ili wino ushuke, kisha kata ncha kwa mshazari kwa pigo moja juu ya kitu kigumu. Ncha ikikatwa mraba, mistari inayoshuka na inayolala inatoka unene mmoja na herufi inakufa. Uhai wote wa hati hii uko katika kalamu bapa iliyoshikwa kwa pembe isiyobadilika, inayotoa unene ikienda huku na wembamba ikirudi kule.

Kipimo ni nukta. Weka kalamu, ivute kidogo, utapata kipande cha mraba kilichosimama kwenye pembe yake. Katika hati ya thuluthi alifu moja ina urefu wa nukta 7 zilizopangwa pembe kwa pembe, na herufi nyingine zote zinapimwa kutoka hapo. Kosa la kawaida ni kupima kwa upana wa kalamu badala ya ulalo wa nukta. Kalamu ya milimita 8 inatoa nukta yenye ulalo wa karibu milimita 11, kwa hiyo alifu yake inafika kama sentimita 8. Anayezidisha 7 kwa 8 anapata sentimita 5.6, na alifu yake inakuwa kibeti aliyevimba. Andika alifu sahihi moja ukingoni mwa karatasi, halafu neno "moyo" mara 20 kando yake. Ukiona vichwa viwili vya wau vimeanza kulingana bila kupimwa, mkono uko tayari.

Wino wa kutengeneza si lazima, lakini ni wa bei rahisi na unafundisha. Masizi yanakusanywa kwa kigae kilichofunikwa juu ya kibatari, yanakwanguliwa kwa unyoya. Gundi ni ya Kiarabu, ile inayotoka kwenye migunga, na Sudan ndiyo nchi inayojulikana zaidi kwa kuiuza duniani. Vijiko 2 vya gundi iliyopondwa viloweke usiku kucha katika vijiko 4 vya maji ya uvuguvugu, kisha chuja kwa kitambaa. Masizi yana mafuta, ukiyamwaga kwenye maji yanaelea na hayachanganyiki hata ukoroge mpaka magharibi. Saga kwanza kijiko 1 cha masizi yaliyoshindiliwa pamoja na vijiko 2 vya gundi nzito, juu ya jiwe au kioo, nusu saa na zaidi, mpaka uwe ujiuji unaong'aa usio na chembe. Hapo ndipo uongeze maji, tone baada ya tone.

Jaribu kwenye ukanda wa karatasi. Ukikauka ukasugua kwa kidole na kidole kikatoka cheusi, gundi ni kidogo. Ukikunja karatasi na wino ukapasuka vipande vinavyometa, gundi imezidi. Wakati wa masika utakutana na tatizo la tatu: wino unabaki unanata siku mbili, na chupa inaota ukungu. Tone moja la mafuta ya karafuu katika chupa ndogo linazuia ukungu, na Pemba si mahali pa kuhangaika kulitafuta. Kunata hakuna dawa ila kupunguza gundi kidogo na kufanyia kazi asubuhi ya jua. Kumbuka tu kwamba wino huu unayeyuka tena ukiguswa na maji. Kwenye ubao wa chuo hiyo ndiyo faida yake, somo likihifadhiwa linaoshwa. Kwenye picha ni hatari, kwa hiyo unafaa karatasi inayowekwa nyuma ya kioo, haufai kitambaa.

Sasa uvunjaji wenyewe. Chukua "moyo" mzuri kuliko wote ulioandika, uweke chini ya karatasi nyembamba, na usinakili wino. Nakili weupe. Chora mpaka wa tundu la mimu, tundu la kila wau, nafasi iliyobaki kati ya mkia wa wau ya kwanza na mwanzo wa ye, na nafasi kati ya mikia na ukingo wa chini. Utabaki na maumbo matano au sita ya ajabu, hakuna hata moja linalofanana na herufi. Zoezi hili linachukua robo saa na linafanya zaidi ya mihadhara. Mwanafunzi anaona kwa mara ya kwanza kwamba neno lina viungo visivyotamkwa.

Baadaye rudi kwenye weusi na uutenge vipande: jicho, shingo, mkia, nukta. Chagua kimoja ukirefushe, kimoja tu. Ukirefusha mikia yote miwili ya wau kwa pamoja, herufi inavutwa tu kama mpira na hakuna kilichovunjika. Ukirefusha shingo ya wau ya kwanza mara nne na kuiacha ya pili ilivyo, uzito wa neno zima unahama, na kichwa kilichoinuka kinaanza kutazama kilichobaki chini. Jicho la mimu lifungue, yaani usiruhusu mstari urudi kufunga duara. Jicho lililofungwa linasomeka, lililofunguliwa linakuwa kinywa au kikombe. Nukta mbili za ye ziachie huru: zinaweza kupanda, zinaweza kuwa mbegu, zinaweza kurudiwa mpaka zikawa ukili wa mkeka.

Wanyama watatokea wenyewe. Si ajabu, maana waandishi wa hati waliwaona zamani: umbo moja la he wanaliita uso wa paka, na umbo moja la aini wanaliita kinywa cha simba. Balaa ni kuwahi. Mwanafunzi akishaona kichwa cha wau kinafanana na ndege, anakiwekea jicho na mdomo, na kazi imekwisha, imekuwa katuni ya kuku. Kwa El-Salahi nyuso zinakuja nusu, zinakaa kwenye ukingo wa kuonekana, macho yakiwa bado ni matundu ya herufi. Tunachowaambia wanafunzi ni kwamba ukiona ndege, endelea na herufi kana kwamba hujamwona. Akitaka kukaa atakaa.

Kosa jingine ni la kompyuta. Herufi zilizochapwa zinavutwa upande, zinanenepa pale ambapo kalamu isingeweza kunenepesha, na hata baada ya kuvunjwa zinabaki na ubaridi wa kibao cha benki. Kalamu haiwezi kunenepa inapopanda kwa mshazari ule. Jicho la mtu wetu linajua hivyo hata kama mdomo wake hauwezi kueleza.

Kipimo cha mwisho ni mtu. Mpe kazi mwenye kusoma hati asiyejua neno lilikuwa lipi. Akilisema mara moja, bado uko kwenye stempu ya pembeni. Akisema ni mawimbi, umelipoteza, ungeweza kuchora mawimbi tangu mwanzo. Unachotafuta ni yule anayeinamisha kichwa, anaanza kufuata mstari kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, anafika katikati, anakwama, na anaanza tena. Kidole kikitoka kulia, herufi bado iko hai.

Kwenye ukubwa mambo yanabadilika. Picha ya El-Salahi ya sauti za ndoto za utotoni, aliyoifanya kati ya 1961 na 1965 na ambayo sasa iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London, ina karibu mita 2.6 kila upande, na imechorwa kwa rangi ya mafuta na rangi ya kung'aa ya dukani juu ya kitambaa cha pamba. Rangi zake katika miaka hiyo ni chache na za udongo: nyeusi, nyeupe, hudhurungi iliyoungua, manjano ya kijivu. Watu wetu wakisikia "rangi za taifa" wanaharakia bendera. Yeye alichukua rangi ya ardhi anayoikanyaga.

Ardhi yetu si ile. Hapa kuna chokaa, kuna weupe wa jiwe la matumbawe lililopigwa na mvua, kuna wekundu wa udongo wa Pemba, kuna weusi-kahawia wa karafuu kavu. Wanaoiga manjano ya jangwa wanachora Sudan wakiwa Chake Chake. Mfano wa herufi ya kwetu yenye rangi ya kwetu upo Kizimkazi Dimbani, kwenye mihrabu ya msikiti: hati ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, iliyochongwa kwenye matumbawe, herufi zake zikichipua majani kwenye ncha. Nenda kuisoma kama mchoraji, asubuhi, mwanga ukija ubavuni. Mchongaji yule alijua kwamba herufi inaweza kuota bila kuacha kuwa herufi. Kabla ya kuitafuta Khartoum, mwanafunzi wa Unguja ana dalili hii umbali wa safari ya daladala.

Kitambaa kinachofaa ni marekani. Kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kirudi chote kinachotaka kurudi. Marekani isiyofuliwa inanywea juu ya fremu siku ya mvua na kupindisha pembe. Ikivutwa ikatulia, ipake gundi nyeupe ya seremala, kipimo 1 kwa vipimo 3 vya maji, mara mbili, kila mpako ukauke kabisa. Usipofanya hivi na ukapaka rangi ya mafuta moja kwa moja, mafuta yanaingia kwenye nyuzi, miaka michache baadaye utaona duara la kahawia kuzunguka kila mstari, na pamba inakatika ukiisukuma kwa kidole. Juu ya gundi weka rangi nyeupe ya maji mipako miwili, ndipo uanze.

Kalamu ya ukubwa huu ni brashi bapa ya sentimita 5, au kipande cha mbao nyembamba kilichofungwa kitambaa kwenye ukingo. Ishike kwa pembe ileile ya utete. Mkono hautoshi, inabidi bega zima liende, na kama marekani imeegeshwa ukutani rangi itachuruzika, kwa hiyo ilaze sakafuni. Mstari wa mkia wa wau unapigwa kwa pumzi moja. Ukisimama katikati kuchovya, kiungo kinaonekana milele. Chovya vya kutosha, na kama rangi inaisha njiani, iache iishe. Ukavu ule mwishoni mwa mkia ni sehemu ya maandishi, kila aliyeandika kwenye ubao anaujua.

Kuna mpaka wa njia hii ambao Khartoum wenyewe waligongana nao. Herufi ya Kiarabu ilikuwa ya Sudan yote? Kusini mwa nchi ile kulikuwa na watu wengi ambao hati hiyo haikuwa yao, na mtindo wa taifa uliosimama juu yake uliwaacha nje ya taifa. Hata ndani ya Khartoum, Kamala Ishaq, aliyemaliza chuo mwaka 1963 na kwenda Royal College of Art, London, aliona kwamba ulimwengu wa wanawake haumo. Alichora ngoma za zari, yaani za pepo, wanawake waliokaa pamoja, nyuso zilizovutwa kama zinaonekana ndani ya kioo. Mwaka 1976 yeye na wenzake, wakijiita Wanafuwele, walitoa tamko la kuachana na mkazo wa skuli ile juu ya urithi na herufi. Miaka 20 tu baada ya uhuru, kilichokuwa uasi kilikuwa kimekwisha kuwa desturi ya kuasiwa.

Swali hilo liko mezani kwetu pia, na sijui faida ya kulikwepa. Hati hii ni ya pwani. Mtu wa Sumbawanga hana sababu ya kuiona kuwa yake, na mchoraji wa Zanzibar akiitangaza kuwa mtindo wa Tanzania atakuwa amemfanyia mwenzake kilekile. Iwe mtindo wa visiwa, inatosha. Na hata hapa nyumbani, mkono uliozoea kalamu ya chuo kwa hati nzuri mara nyingi ni wa mwanamume. Mkono wa mwanamke umefanya kazi kwingine: kwenye hina, kwenye ukili, kwenye kofia. Mwanafunzi wa kike tunamwanzishia mstari wa hina, maana anaujua kama mvulana anavyojua ubao, na uvunjaji unafuata hatua zilezile. Tofauti ni kwamba mstari wa hina haubadiliki unene, kwa hiyo nguvu yote iko kwenye mpangilio na weupe unaobaki, na zoezi la kunakili weupe kwake linakuwa ndiyo kazi yenyewe.

Jambo la mwisho ni la nafasi. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, ngazi ni za kuingia ubavu, na fremu ya mita 2 haishuki. El-Salahi alifungwa jela ya Kober, Khartoum, mwaka 1975, miezi sita, bila kushtakiwa mahakamani. Karatasi ilikatazwa. Alichora kwenye vipande vidogo vya mifuko ya saruji na kuvifukia mchangani mlinzi akikaribia. Kutoka hapo akazoea kuanza na kipande kimoja kilicho kamili, kisha kuongeza kingine pembeni kadiri picha inavyotaka kukua, bila kujua mwisho wake. Kazi yake kubwa ya wino ya 1984 hadi 1985, iitwayo Lisiloepukika, ni karatasi 9 zilizounganishwa.

Kwetu tunafanya kwa karatasi za ukubwa wa kalenda ya ukutani. Anza na ya katikati, na hakikisha mistari miwili au mitatu inakata ukingo. Karatasi isiyokatwa na mstari ukingoni haina pa kuendelea. Weka inayofuata igusane nayo, vuta mstari kutoka ya zamani uingie mpya bila kuinua kalamu, na andika namba nyuma kwa penseli kabla hujazitenganisha, kwa sababu baada ya wiki hutakumbuka ipi ilikuwa kushoto. Usigandishe viungo kwa gundi mpaka picha nzima imekaa ukutani siku kadhaa. Karatasi iliyofanyiwa kazi wakati wa kusi na iliyofanyiwa kazi wakati wa masika hazitofautiani kwa macho, lakini zikigandishwa pamoja moja inavuta na nyingine inakunjamana. Zipige pini, ziache zipumue hewa moja, ndipo uzigandishe.